Posti ya kuaga isisomeke kama tangazo la msiba

*Shikamoo, Mama. Mimi ni muongoza wageni mlimani, nina miaka 44, nakaa Moshi, kwetu ni Marangu. Akaunti yangu ya Facebook niliifungua mwaka 2010 kwenye intaneti kafe moja pale mjini, mpagazi mwenzangu akinielekeza. Leo nina marafiki elfu tatu na ushee: ndugu, wapagazi, wageni niliowapandisha, na wengine siwajui hata sura. Nimeamua kuondoka. Sijagombana na mtu wala na mtandao, ila nikiishika simu saa nne usiku nakuja kuiacha saa saba, na asubuhi nina safari.*

*Nimeandika posti ya kuaga, imefika kurasa mbili na nusu. Nimeshukuru watu kwa majina, nimeomba msamaha, na kuna aya moja ya shemeji yangu na habari za kihamba, shamba la ukoo. Binti yangu ameisoma akasema, "Baba, hakuna atakayeimaliza, na atakayeimaliza atadhani unakufa." Nakutumia nawe uisome. Niifupishe vipi? Au niondoke kimya kimya tu? Na niiweke lini, siku ileile ninayofuta au kabla? Kuna pia picha ya marehemu mama, ya 2019, watu waliandika pole nyingi sana pale chini. Hiyo ndiyo inayonishika mguu.*

*Baba wa Binti, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Huyo binti mnunulie soda, maana ameona jambo ambalo watu wazima hawalioni mpaka simu zianze kuita.

Posti yako nimeisoma yote, mara mbili. Inaanza hivi: "Ndugu zangu, muda wangu umefika, nawaaga wote." Halafu, mistari miwili chini: "Niliyemkosea anisamehe, na mimi nimewasamehe wote kutoka moyoni." Sasa jifanye huijui, uisome kama shangazi aliyeko Tanga ambaye hamjaongea tangu Pasaka. Kwetu sisi, mtu anayesema muda umefika, akaomba radhi kwa jumla na kusamehe kwa jumla, ni mgonjwa aliyewaita watoto kitandani. Neno lenyewe kuaga lina mguu mmoja makaburini: msafiri anaaga, na marehemu naye ameaga dunia. Kisha umepanga majina 41, nimeyahesabu, kila moja na mji wake. Sisi tuliokua tukisikiliza matangazo ya vifo ya Redio Tanzania tunaujua mtiririko huo, "habari ziwafikie fulani wa Arusha, fulani wa Same, popote walipo." Shangazi hatafika hata kwenye jina lake. Atakuwa ameshashika kanga mkononi.

Kuna watakaofikiri vibaya kuliko shangazi, kwamba unataka kujidhuru. Hao ni watu wema, na watataka kukufikia usiku huohuo. Wakikuta akaunti imeshafungwa, wataanza kupigiana simu wao kwa wao, na kufikia asubuhi habari itakuwa imekwishafika Marangu ikiwa na maelezo ambayo hukuyaandika. Kwa hiyo sentensi ya kwanza kabisa ya posti yako iseme kwamba wewe ni mzima. Ya pili iseme kinachofungwa ni nini. Shukrani zikae nyuma ya hizo mbili, hata kama moyo unataka zitangulie.

Umeuliza kama ungeondoka kimya. Mtu mwenye marafiki mia mbili, wote wana namba yake ya simu, ningemwambia aondoke tu, asisumbue watu. Wewe huwezi, na sababu haihusiani na adabu. Jina lako na sura yako ni kazi yako. Kuna mama mmoja tunayesali naye hapa Arusha alifuta akaunti yake bila kusema neno. Wiki tatu baadaye ikatokea akaunti nyingine yenye jina lilelile na picha ileile ya harusi, ikiwaandikia watu kwamba yuko hospitalini, amekwama na bili, wamrushie chochote kwenye namba fulani. Waliomjua wengine walituma. Unajua kwa nini ilikuwa rahisi? Akaunti ya kweli ikiwepo, mtu huona majina mawili akashtuka. Ya kweli ikishaondoka, ya uongo haina wa kushindana naye, na kila aliyemtafuta kwa jina alimkuta tapeli. Wewe una wageni wa nje wanaokuamini kiasi cha kukutumia malipo ya awali ya safari. Hebu fikiria tapeli akiwapata hao.

Nadhani sasa unaona posti yako inafanya kazi gani. Ni taarifa kwamba kuanzia siku fulani, anayejiita wewe pale si wewe. Shukrani ni nyongeza, nzuri, lakini nyongeza.

Kuhusu lini, hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la kuchekesha ukilifikiria: wanaandika posti ya kuaga jioni, na usiku huohuo wanafuta akaunti. Posti inakaa ndani ya akaunti. Akaunti ikiondoka inaondoka nayo, sawa na mtu anayebandika barua mlangoni kisha akaung'oa mlango akauweka begani akaenda nao. Waliokuwa mtandaoni saa ile wataiona, wengine wote watakuta jina halipo. Na hata hao waliokuwepo si wote, kwa kuwa Facebook haimwonyeshi kila rafiki kila posti. Inachagua, na mtu ambaye hamjaandikiana miaka minne haiwezi kumletea habari zako kwa urahisi.

Wewe nakupa wiki tatu, na nimezipata kwenye kazi yako mwenyewe. Mpagazi anayepanda kwa njia ya Lemosho siku unayoposti anakaa mlimani hadi siku nane, na huko mtandao unakuja na kuondoka. Akishuka analala, anafua, na pengine anapanda tena. Wiki moja haimtoshi. Wiki tatu zinampa angalau usiku mmoja nyumbani akiwa na simu iliyojaa chaji. Posti ikishakaa, bonyeza vile vidoti vitatu pembeni yake uchague kuibandika juu ya ukurasa wako, ili anayekuja kukutafuta aikute kwanza. Na siku tatu kabla ya tarehe andika mstari mmoja wa kukumbusha. Mara moja tu. Anayeaga kila siku mwishowe watu humuuliza kwa nini bado yupo.

Sasa ufupi. Nilifanya kazi kaunta ya posta miaka mingi, enzi Posta na Simu ni shirika moja, na nilipokea telegramu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Telegramu ililipiwa kwa neno, na anwani nayo ilihesabiwa. Mtu alikuja na karatasi imejaa, nikimtajia bei anarudi kwenye benchi na kalamu. Nilijifunza kitu nikiwaangalia pale benchini: mtu aliyeanza kufuta salamu alifuta nusu saa na bado ilikuwa ndefu. Aliyejiuliza "huyu akisoma anatakiwa afanye nini?" alimaliza kwa dakika tano. MAMA MGONJWA NJOO. Umeona? Hakuna neno pale ambalo halimwambii mtu kitu.

Nikaipitisha posti yako hapohapo. Msomaji wako anatakiwa ajue wewe ni mzima, ajue tarehe, ajue namna ya kukupata, na ajue asimtumie hela mtu. Nikatoa hadithi ya intaneti kafe, ingawa ni nzuri, msimulie binti. Nikatoa majina 41, kwa sababu wa 42 atanuna na hutajua kwa nini. Nikatoa sababu ya kuondoka pia. Hiyo utaishangaa, lakini ukiandika kwamba simu inakula usingizi wako, komenti 60 zitakuwa za ushauri wa kulala, na mjomba mmoja atakuuliza kama unawasema wao. Ukiulizwa ana kwa ana, jibu. Kilichobaki ni hiki:

"Mimi mzima, na mlimani bado napanda. Ninachofunga ni akaunti hii ya Facebook, niliyokuwa nayo tangu 2010. Itafutwa Jumapili tarehe 29. Ukitaka namba yangu, niandikie inboksi kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo, akaunti yoyote yenye jina au picha yangu si mimi, na ikikuomba hela usitume. Asanteni kwa miaka yote hii. Krismasi nipo Marangu, karibuni."

Maneno 54. Tarehe weka ya kwako, na kama Krismasi una kundi la kupandisha, badilisha uweke Mwaka Mpya.

Umeona sijaiweka namba ya simu. Kwenye posti yako umeiandika mara mbili, na mara ya pili kwa herufi nzito. Namba yako ndiyo pochi yako siku hizi. Jina kamili, sura, kazi na namba vikikaa pamoja mahali ambapo yeyote anasoma, umemkabidhi tapeli kila anachohitaji kukupigia akijifanya wakala au kuwapigia ndugu zako akijifanya wewe. Mtu akuandikie inboksi, umtazame ni nani, ndipo umpe. Na chini ya jina lako, pale panapochaguliwa nani aione posti, weka marafiki tu. Wageni uliowapandisha waandikie mmoja mmoja ujumbe wa ndani, kwa lugha mliyozoea kuongea nao mlimani, uwape namba au baruapepe unayotumia kazini. Hawatakuwa zaidi ya hamsini wanaokutafuta kweli kweli. Kazi ya jioni mbili.

Sasa ile picha ya mama. Kabla hujaposti chochote, omba nakala ya vitu vyako. Unaingia `Settings & privacy`, kisha `Accounts Center`, kisha `Your information and permissions`, na humo utaona mahali pa kupakua taarifa zako. Kabla ya kukubali, kagua vitu vitatu. `Date range` isomeke `All time`, la sivyo unaweza kuletewa kipande cha karibuni tu na 2019 isiwemo. `Format` iwe HTML, ili mafaili yafunguke kwenye kompyuta kama ukurasa wa kawaida. Ubora wa picha chagua wa juu. Kwa miaka yote hiyo faili litakuwa kubwa, na halitatoka papo hapo. Litakapokuwa tayari utapewa taarifa, na halikai pale milele, lipakue mapema kwenye kompyuta uliweke na kwenye flashi. Kisha lifungue. Narudia, lifungue, utafute picha ya mama kwa macho yako, kabla hujagusa kitu kingine.

Lakini zile pole usiziachie faili peke yake. Hayo ni maneno ya watu wengine, na faili ni la vitu vyako wewe. Kaa na binti, mfungue ile picha, mbonyeze kuona komenti zote, mpige skrinishoti moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Kama kuna mia mbili zitachukua jioni. Mtasoma na majina ya waliokwishatangulia tangu 2019, jiandae kwa hilo. Mkizichapisha kwenye karatasi, duka la picha pale mjini, mnaweza kuziweka ndani ya Biblia ya mama kama bado ipo.

Kuna jambo hukuliuliza nami nimeliona kwenye posti: unasema kundi la wapagazi la Facebook "litaendelea." Je, admini ni wewe peke yako? Kama ni wewe tu, mpe mwingine uadmini kabla, angalia jina lake limekwishakaa kwenye orodha, ndipo uondoke. Na kama una ukurasa wa biashara ya safari ambao mwenye mamlaka kamili ni wewe pekee, huo utafutika pamoja na akaunti yako. Picha za wageni kileleni, sifa walizokuandikia, vyote. Ukiutaka ubaki, mwongeze binti au mtu wa ofisini umpe mamlaka kamili kwanza. Pia kumbuka kama kuna app nyingine ulizozoea kuingia kwa kubonyeza Facebook. Ziwekee nenosiri lake kila moja. WhatsApp yako haiguswi.

Siku yenyewe ikifika, njia ni `Accounts Center`, `Personal details`, `Account ownership and control`, `Deactivation or deletion`. Hapo utapewa machaguo mawili na hayafanani. La kwanza ni kuizimisha: ukurasa unafichika, vitu vinabaki, Messenger unaweza kuendelea nayo, na siku ukitaka unarudi kama hukuondoka. La pili ni kuifuta. Ukichagua kufuta, watu hawakuoni tena, ila una siku 30 za kughairi. Zikipita ndipo ufutaji unaanza wenyewe, na unaweza kuchukua hadi siku 90 kukamilika. Ujumbe uliowahi kuwatumia watu unabaki kwenye inboksi zao. Huo si wako tena. Picha walizoposti wengine ukiwemo nazo zinabaki kwao.

Mimi ningekuambia ufute. Anayeondoka kwa sababu ya usiku wake akizimisha tu, usiku wa tatu atakuwa ameiwasha. Lakini zile siku 30 ndizo zenye mtego: ukiingia kwa nenosiri lako ndani ya muda huo unaweza kuukatisha ufutaji mzima, hata kama ulitaka tu kuchungulia nani alisema nini kwenye posti yako. Na utataka kuchungulia. Kwa hiyo siku hiyo toa app kwenye simu, na kabla ya kubonyeza kufuta mwache binti aweke nenosiri jipya asilokuambia. Akupe siku ya 31 kama utalitaka, litakuwa halifungui kitu.

Komenti zitakuwa nyingi siku mbili za kwanza. Usijibu zote. Jibu wanaouliza kama u mzima, na wanaoomba namba uwajibu ndani. Atatokea mmoja kusema "utarudi tu." Mwache. Ikitokea baadaye ukasikia kuna akaunti yenye sura yako, mwambie rafiki aliye ndani airipoti, na wewe mwenyewe unaweza kuripoti bila akaunti. Kuna fomu ya kuripoti anayejifanya wewe, utaulizwa kitambulisho.

Imebaki ile aya ya kihamba. Nimeikata yote na nimeiweka kwenye barua peke yake, nakurudishia. Sikusema huna haki. Kwa ulivyoeleza mpaka wa migomba ulivyosogezwa, ningekasirika pia. Ila shemeji yako angeisoma mbele ya watu elfu tatu bila nafasi ya kujibu, na akaunti ingefutika wiki tatu baadaye huku skrinishoti zikibaki kwenye simu za ukoo. Mambo ya mpaka kule kwenu yana wazee wake, na hao wengi hawana hata Facebook. Desemba wote mtakuwa Marangu. Nenda na barua hiyo mfukoni, na mtungi wa mbege, na mtu aliyeshuhudia masale yakipandwa pale mpakani. Huyo wa mwisho mtafute sasa hivi, asije akawa mzee sana.